HDL ikiwa juu mno: usiyategemee "mafuta mazuri" peke yake

Jumamosi moja jioni jirani yangu Baba Neema, fundi seremala wa miaka 58, alikuja nyumbani na karatasi ya majibu ya maabara mkononi. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeshinda kesi. "Jirani, hebu nisomee hii," akasema, "ingawa najua tayari. Mafuta mazuri yako juu, hata kijana wa pale kliniki amenipongeza." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba ile tembe ya usiku ya kupunguza lehemu aliyoandikiwa mwaka jana ameiacha tangu miezi minne iliyopita. Kwa nini aendelee kuila, wakati mwili wake wenyewe unajilinda?

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na hoja ya Baba Neema nimeisikia kwa watu wengi. Ni hoja inayoingia akilini, na kwa muda mrefu hata mabingwa wa moyo waliiamini. Imebainika kwamba si sahihi. Nitakueleza kwa nini, kisha tuisome karatasi yake pamoja ili nawe uweze kuisoma ya kwako.

HDL na LDL ni nini hasa?

Lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, ni aina ya mafuta yanayofanana na nta. Ini hutengeneza sehemu kubwa ya lehemu hiyo, na mwili unaihitaji kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni. Shida yake ni kwamba mafuta hayachanganyiki na maji, na damu ni majimaji. Kwa hiyo mwili huyafunga katika vifurushi vidogo sana vya mafuta na protini, ndipo yanaposafiri.

Vifurushi vinavyoitwa LDL ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya lehemu kwenye damu. Vikiwa vingi kwa miaka mingi, baadhi hupenya ukuta wa mshipa wa damu, hukwama humo na kuanza kujenga uvimbe wa mafuta. Siku uvimbe huo ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Ukizibwa mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Ukizibwa wa ubongo, ni kiharusi. Ndiyo maana LDL ikaitwa mafuta mabaya.

HDL ni vifurushi vidogo zaidi. Kazi yake mojawapo ni kuokota lehemu iliyozidi, hata ile iliyo kwenye kuta za mishipa, na kuirudisha kwenye ini ili itolewe mwilini. Hapo ndipo lilipotokea jina la mafuta mazuri. Unaweza kuifikiria kama mikokoteni ya taka sokoni: inapita, inazoa, inakwenda kumwaga, inarudi.

Wataalamu waliaminije kwamba HDL nyingi ni kinga?

Katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts huko Marekani, watafiti wamekuwa wakiwafuatilia wakazi tangu mwaka 1948 ili kujua nani anapata ugonjwa wa moyo na kwa nini. Mwaka 1977 walitoa matokeo yaliyovuma dunia nzima: watu wenye HDL ya chini walipata ugonjwa wa moyo zaidi, na wenye HDL ya juu walipata kidogo. Tafiti nyingine zilionyesha hivyo hivyo. Ikaonekana kwamba kama HDL ya juu huenda pamoja na moyo wenye afya, basi tukiipandisha kwa dawa tutazuia mashambulio ya moyo.

Hapo palikuwa na mtego. Chukua shule ya msingi ya kijijini. Ukilinganisha matokeo ya mtihani, huenda ukakuta watoto wanaokuja na viatu wanafaulu kuliko wanaokuja peku. Je, ukiwagawia wote viatu leo, kesho watafaulu sawa? Hapana. Viatu vilikuwa ishara ya nyumba yenye uwezo, yenye taa ya kusomea na chakula cha jioni. HDL nayo ni hivyo. Mara nyingi hushuka kwa mtu mwenye kitambi, mwenye kisukari, anayevuta sigara, asiyetembea, na mwenye mafuta mengi ya aina ya trigliseridi kwenye damu. Mambo hayo ndiyo yanayoumiza mishipa. HDL ya chini inatuambia tu kwamba yapo.

Dawa za kuipandisha zilifanya nini?

Zilifanikiwa kupandisha namba, zikashindwa kuokoa mioyo. Hii ndiyo sehemu ya kukumbuka kuliko zote.

Kwenye damu kuna protini iitwayo CETP. Kazi yake ni kuhamisha lehemu kutoka kwenye vifurushi vya HDL na kuipeleka kwenye vifurushi vingine, ikiwemo LDL. Wanasayansi walifikiri hivi: tukiizuia protini hii, lehemu itabaki kwenye HDL na HDL itapanda. Kampuni ya Pfizer ikatengeneza dawa iitwayo torsetrapibu. Wakapatikana watu 15,067 wenye hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo. Wote walipewa dawa ya kawaida ya kupunguza lehemu, statini iitwayo atovastatini. Kisha nusu yao wakaongezewa torsetrapibu, na nusu wakaongezewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani.

Kwenye karatasi za maabara mambo yalipendeza sana. Baada ya mwaka mmoja HDL ilikuwa imepanda kwa asilimia 72, na LDL imeshuka kwa asilimia 25. Lakini Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa ghafla. Hesabu ya mwisho ilionyesha kwamba katika kundi la torsetrapibu walikufa watu 93, na katika kundi la kidonge kitupu walikufa 59. Dawa hiyo ilikuwa pia ikipandisha presha na kuongeza homoni inayofanya chumvi ibaki mwilini.

Wengine wakasema kosa ni la dawa hiyo moja, si la wazo lenyewe. Basi dawa nyingine za aina hiyo zikajaribiwa. Dalsetrapibu ilipandisha HDL kwa karibu theluthi moja, na mwaka 2012 ikaonekana haijapunguza mashambulio ya moyo. Evasetrapibu iliipandisha HDL ikazidi maradufu, na mwaka 2015 utafiti wake ukasimamishwa kwa sababu haukuonyesha faida yoyote. Ya nne, anasetrapibu, ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 30,000, na mwaka 2017 matokeo yakaonyesha faida ndogo: katika kila watu 100, takriban mmoja aliepushwa na tukio kubwa la moyo kwa miaka minne. Lakini dawa hiyo ilikuwa pia imeshusha lehemu ya vifurushi vibaya, na kiasi cha faida kililingana na kushuka huko. Hapakuwa na sababu ya kuipa sifa HDL iliyopanda. Kampuni iliyoitengeneza iliamua kutoiingiza sokoni.

Na ile vitamini ya nayasini inayouzwa madukani?

Nayasini ni vitamini B3. Kwa kipimo kidogo, kama kile kilichomo kwenye vidonge vya vitamini B mchanganyiko, haina tatizo. Kwa kipimo kikubwa cha gramu 2 kwa siku hupandisha HDL, na kwa miaka mingi ilitumika kama dawa. Utafiti uliofanyika Uingereza, nchi za Skandinavia na China kwa watu 25,673, matokeo yake yakatolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kuiongeza juu ya statini hakukupunguza mashambulio ya moyo wala viharusi. Badala yake, waliotumia nayasini pamoja na dawa ya kupunguza wekundu wa ngozi unaoletwa nayo walipata zaidi matatizo ya kisukari, kutokwa damu na maambukizi. Kwa hiyo mtu akikuuzia chupa ya nayasini "ya kuongeza mafuta mazuri," rudisha pesa yako mfukoni.

Inawezekanaje namba ipande na moyo usipone?

Turudi kwenye mikokoteni. Kipimo cha HDL hakihesabu safari ambazo mikokoteni imefanya. Kinapima lehemu iliyo juu ya mikokoteni kwa wakati ule ulipochomwa sindano. Ukipita sokoni saa nne ukakuta mikokoteni imejaa pomoni, huwezi kujua kama ni kwa sababu inazoa vizuri, au kwa sababu geti la dampo limefungwa na yote imepanga foleni.

Hali ya geti kufungwa ipo kweli. Kwenye ini kuna kipokezi, yaani mlango unaopokea lehemu kutoka kwa HDL. Wapo watu wachache waliozaliwa na mlango huo ukiwa na hitilafu. Mwaka 2016 watafiti walieleza kuhusu watu wa namna hiyo: HDL yao ilikuwa juu sana, lakini hatari yao ya ugonjwa wa moyo ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao. Kinyume chake, katika kijiji cha Limone kando ya ziwa Garda, Italia, kuna ukoo uliorithi aina ya pekee ya protini ya HDL. Namba yao ya HDL iko chini sana, na bado mioyo yao haikuonyesha madhara ambayo namba hiyo ingetabiri.

Ushahidi wa tatu ulitoka mwaka 2012. Watafiti waliwatafuta watu waliozaliwa na badiliko la urithi linalopandisha HDL peke yake, bila kugusa LDL. Kama HDL yenyewe ndiyo kinga, watu hao walipaswa kuwa na mashambulio ya moyo machache, kwa sababu wamekuwa na HDL nyingi tangu tumboni. Hawakuwa nayo machache. Walikuwa sawa na watu wengine.

Je, HDL ya juu sana inaweza kuwa ishara mbaya?

Ndiyo, ikifika mbali. Jijini Copenhagen, Denmaki, watu zaidi ya 116,000 walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Vifo vilikuwa vichache zaidi kwa wanaume wenye HDL ya karibu 1.9 mmol/L na wanawake wenye karibu 2.4. Zaidi ya hapo vifo vilianza tena kuongezeka. Wanaume waliofika 3.0 na kuendelea walikufa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wale wenye 1.9. Kwa wanawake, ongezeko lilikuwa wazi kuanzia 3.5.

Usishtuke ukisoma namba hizo. Watu wanaofika huko ni wachache mno, hawafiki hata mmoja katika mia. Vilevile utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba HDL yenyewe ndiyo iliyowaua. Ni ile ile habari ya viatu, sasa kwa upande wa pili: nyuma ya namba kubwa sana huenda kuna pombe nyingi, ugonjwa wa ini, dawa fulani, au hitilafu ya kurithi. Kwa hiyo HDL ya juu mno si ugonjwa wa kutibiwa, ni swali la kumpelekea daktari.

Sasa tuisome karatasi ya Baba Neema

Karatasi yake ilikuwa na mistari minne, yote kwa kipimo cha mmol/L, ambacho ndicho kinachotumika kwenye maabara nyingi za Tanzania na Kenya:

TC (lehemu yote): 6.9
HDL: 2.7
LDL: 3.7
TG (trigliseridi): 1.1

Kama karatasi yako ina namba za makumi na mamia, mfano 267 badala ya 6.9, basi imetumia mg/dL. Gawa namba za TC, HDL na LDL kwa 38.7 utapata mmol/L. Usigawe TG kwa namba hiyo, yenyewe ina kigawanyo chake cha 88.6.

Kijana wa kliniki alimpongeza kwa kugawa 6.9 kwa 2.7. Akapata karibu 2.6, na jedwali la ukutani likasema chini ya 4 ni salama. Hesabu hiyo ya uwiano humfaa mtu mwenye HDL ya kawaida. HDL ikiwa kubwa mno, uwiano hutoka mzuri hata kama mafuta mabaya yamejaa, maana tunagawa kwa namba kubwa.

Fanya hesabu nyingine, rahisi zaidi na ya bure. Toa HDL kwenye TC. Kwa Baba Neema: 6.9 toa 2.7, inabaki 4.2. Hiyo 4.2 ni lehemu yote iliyo kwenye vifurushi vinavyoweza kukwama kwenye mishipa, LDL pamoja na ndugu zake. Uzuri mwingine wa namba hii ni kwamba inaaminika hata kama ulikunywa chai na maandazi kabla ya kwenda kupima.

Je, 4.2 ni nyingi? Inategemea ni ya nani. Kwa mtu mwenye hatari ya wastani, miongozo ya mabingwa wa moyo wa Ulaya inalenga chini ya 3.4. Kwa mwenye hatari kubwa, chini ya 2.6. Kwa aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi cha mshipa kuziba, chini ya 2.2. Baba Neema ana presha kwa miaka tisa na kisukari kwa miaka sita. Kwake lengo ni chini ya 2.6, na yeye yuko 4.2. Zile pongezi hazikuwa zake.

Afanye nini, wapi, na kwa gharama gani?

Kwanza, arudi kwa daktari aliyemwandikia tembe, aseme wazi kwamba aliziacha. Daktari asiyejua hilo atadhani dawa imeshindwa, na huenda akamwongezea kipimo bure. Tembe hizo ni statini, na hazikuandikwa ili kupandisha HDL. Zimethibitika kupunguza mashambulio ya moyo kwa kushusha LDL. Kama aliziacha kwa sababu ya maumivu ya misuli, aseme pia, kwa kuwa kuna aina nyingine na vipimo vidogo zaidi.

Pili, aulize kwa nini HDL yake ni 2.7. Swali la kwanza ambalo daktari atamuuliza ni la pombe, na alijibu mbele yangu kabla hajafika kwake: bia tatu kila jioni, Jumapili zaidi. Pombe hupandisha HDL, lakini hupandisha presha pia na kuliumiza ini. Kunywa ili "kulinda moyo" ni kujidanganya. Atamuuliza pia dawa nyingine anazotumia, maana baadhi ya dawa za kifafa na homoni za estrojeni hupandisha HDL, na kama ndugu zake wana namba kama hizo. Anaweza kumpima damu kuangalia hali ya ini.

Tatu, arudie kipimo cha mafuta baada ya wiki sita hadi kumi na mbili tangu aanze tena tembe. Kinapatikana kwenye hospitali za mkoa na za rufaa, za kaunti kwa Kenya, na kwenye maabara binafsi mijini. Bei hutofautiana sana kati ya kituo na kituo, kwa hiyo uliza kabla hujachomwa sindano, na kama una bima uliza kama kipimo kimo. Ikiwa pesa ni kidogo, omba TC na HDL tu kama maabara inaruhusu, maana hizo mbili zinatosha kwa ile hesabu ya kutoa. Kuhusu tembe, taja jina la dawa yenyewe, mfano atovastatini, si jina la kibiashara, na uombe ya bei nafuu iliyosajiliwa.

Nne, asitumie hata senti moja kwa dawa, chai au mafuta ya kupaka yanayoahidi kuongeza HDL. Kama dawa zilizojaribiwa kwa makumi elfu ya watu hazikusaidia kwa njia hiyo, chupa ya mtaani haina jipya la kutuambia. Kutembea, kuacha sigara na kupunguza kitambi vinafaa, hata kama HDL haitasogea, kwa sababu vinashughulikia presha, sukari na mishipa yenyewe.

Tano, na hili halisubiri miadi: maumivu au mbano kifuani, hasa yakienda mkononi, shingoni au taya, pamoja na jasho la baridi au kukosa pumzi, ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Usikae nyumbani ukijipa moyo kwamba mafuta yako mazuri yako juu.

Ikawaje?

Baba Neema alianza tena tembe, miligramu 20 kila usiku, na bia akazipunguza hadi mwisho wa wiki. Baada ya miezi mitatu alinijia tena, safari hii amekunja uso. "Jirani, mafuta mazuri yameshuka! Yalikuwa 2.7, sasa 2.4." Nikampa kalamu. TC ilikuwa 5.0. Akatoa mwenyewe 2.4 pembezoni mwa karatasi, akapata 2.6. Kabla ilikuwa 4.2. Alikuwa amefika mlangoni pa lengo lake, kwa HDL ndogo kuliko ile aliyopongezwa nayo.

Nawe chukua karatasi yako ya mwisho, toa HDL kwenye TC, uandike jibu pembeni kwa kalamu. Namba hiyo ndiyo ya kumwonyesha daktari kwanza.